Sukari ya Mokowe

Mtaani kwetu Langoni, hapa Lamu, kila Ramadhani inapokaribia, mtu husema: tuchangeni, tununue pamoja, tupate rahisi. Mwaka huu tulichanga nyumba ishirini, magunia kumi ya sukari, na mimi nikapewa daftari. Kushika daftari kumenibadilisha mawazo.

Dukani kilo ilikuwa shilingi 170. Nilipowaambia majirani tutapata kwa chini ya 150, Bi mmoja akanitazama. "Mwanangu, hiyo 170 ni bei ya kilo. Mbona walinganisha na gunia?"

Alinishinda. Holsela wa hapa hapa mjini aliuza gunia la kilo 50 kwa 7,500, punda hadi mlangoni 100. Jumla 7,600, yaani 152 kwa kilo. Basi shilingi 18 za nafuu zilikuwa zinapatikana kwa nyumba mbili tu kugawana gunia, bila mkutano wala daftari.

Mokowe, ng'ambo upande wa bara, gunia lilikuwa 7,100. Nilimwomba holsela wa huko apunguze kwa kuwa nachukua kumi, akacheka. Faida ya sukari ni nyembamba, kumi kwake si kitu. Mzigo kwenye boti 100, hamali wa gati mbili 100, punda 100. Gharama hizi zinahesabiwa kwa gunia, kwa hiyo ukileta moja au mia, kila gunia lina 300 yake. Kilichogawanyika ni kimoja tu: nauli yangu ya kwenda na kurudi, 300. Gunia moja lingefika kwa 7,700, ghali kuliko la mjini. Mawili, 7,550 kila moja. Kumi, 7,430.

Wingi wetu wote, basi, ulituokolea 170 kwa gunia kuliko kununua mjini, shilingi tatu na ushei kwa kilo. Ukivuka magunia matano au sita, kuongeza watu hakuleti kitu cha maana, kwa sababu nauli imeshakuwa senti. Hesabu ingebadilika lau holsela angekuwa na bei ya chini kuanzia magunia fulani. Hilo ndilo la kuulizia kwa simu kabla ya kukusanya pesa ya mtu.

Tena kuna bahari. Tulivuka alasiri, upepo umeshaamka, na gunia la chini kabisa likanywa maji ya chumvi. Nililifungua barazani: kilo nane zimekuwa uji. Hatukuwa tumekubaliana hasara ni ya nani, na nyumba mbili zilizopangiwa gunia lile zilininunia siku tatu. Mwishowe tuligawana wote. Kilo nane ni kama 1,189. Nafuu yote ya safari ilikuwa 1,700.

Zikabaki 511, kwa nyumba ishirini. Ramadhani ijayo nitatafuta jirani mmoja tu.