Bei inayomfundisha mwenye duka kutoandika

“Programu yetu ya hesabu inatumiwa na wenye vibanda na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Viwango vya bei tuvipime kwa mauzo, kwa idadi ya miamala, au kwa kazi ambazo programu inafanya?”

Anayetetea bei inayofuata mauzo ana hoja ya haki: anayeuza zaidi ana uwezo zaidi wa kulipa. Tena sheria ya kodi ya Kenya imeshachora mistari. Biashara ndogo inayouza zaidi ya KSh milioni 1 kwa mwaka, hadi milioni 25, huangukia kodi ya asilimia 3 ya mauzo ghafi, na mauzo yakifika milioni 5 mwenye duka la bidhaa zinazotozwa kodi ya ongezeko la thamani hulazimika kujisajili kwa kodi hiyo pia. Kampuni ya programu ingeweza kuazima mistari hiyo bila kubuni yake.

Hebu tuchukue maduka mawili ya mfano. Kibanda cha Kawangware kinauza maziwa, mkate, unga na mafuta ya kupima. Kwa siku kinauza mara 150, kila mara wastani wa KSh 60. Hiyo ni KSh 9,000 kwa siku na 270,000 kwa mwezi wa siku 30. Tukisema faida ni asilimia 10, zinabaki 27,000 kabla ya kulipa kodi ya chumba na stima. Duka la vifaa vya ujenzi la Kariobangi linapata wateja 20 tu kwa siku, lakini kila mmoja anaacha wastani wa KSh 3,500. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni KSh milioni 1.82 kwa mwezi.

Kipimo cha miamala kinaanguka hapo hapo. Kibanda kina miamala 4,500 kwa mwezi, duka la vifaa lina 520. Ukiweka mpaka wa bure kwenye miamala 500, unampandisha mama wa kibanda hadi kifurushi cha juu kabisa huku mwenye saruji na mabati akibaki karibu na ngazi ya chini. Wapo wanaosema miamala ndiyo inayoilemea mitambo, lakini rekodi elfu chache za maandishi ni mzigo mdogo sana. Pesa za kampuni zinaishia kwa mtu wa kupokea simu za wateja, kwa wakala anayezunguka madukani kufundisha, na kwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha wadaiwa. Ujumbe huo unaweza kulipiwa peke yake, kadiri unavyotumwa.

Kipimo cha mauzo ndicho kinachohitaji kufikiriwa zaidi, kwa sababu kwenye karatasi kinapendeza. Rudi kwa yule mama wa kibanda. Asilimia 3 ya 270,000 ni KSh 8,100, na inatoka kwenye faida yake ya 27,000. Kodi hiyo haiangalii faida, inaangalia alichouza. Kwa hiyo hata kabla ya kuisikia programu yenu, tayari ana sababu ya kuogopa kuweka kila shilingi kwenye maandishi. Sasa mwongezee bei inayopanda kila anapoandika zaidi. Ataandika nusu. Akiandika nusu, faida inayoonyeshwa si ya kweli na bidhaa zilizobaki kwenye rafu hazilingani na zilizo kwenye simu. Baada ya muda ataiacha programu, na ukimuuliza atakuambia hesabu zake “hazikubali”. Kampuni itadhani imepoteza mteja kwa sababu ya ubora, kumbe ilimfukuza kwa bei yake yenyewe.

Dalili zake huonekana mapema kwa anayezitafuta. Panga maduka yote kwa kiasi kilichoandikwa mwezi uliopita. Ukiona yamerundikana chini kidogo tu ya mpaka wa kifurushi na juu yake pako patupu, jua wateja wanajizuia. Angalia pia maduka ambayo maingizo yake hukoma tarehe 24 au 25 kila mwezi kisha huanza upya tarehe 1.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kuandika kuwe bure, bila kikomo, kwa kila duka: mauzo, matumizi, madeni, pesa taslimu na pesa za M-Pesa. Hapa nitapingwa, na kwa haki. Daftari la madeni ndilo linalopendwa kuliko kitu kingine chochote, na kulitoa bure ni kuacha pesa mezani. Lakini mama wa kibanda akiwekewa bei hapo, analo daftari la karatasi lililomgharimu kidogo sana, na atalirudia bila kusitasita.

Basi pesa zitoke wapi? Kwenye kazi ambazo programu inafanya. Kwanza kwa mwenye duka asiyekaa dukani. Mtu aliyeajiriwa mjini na kuacha kibanda Kayole chini ya mhudumu anaweza kuwa na mauzo sawa na yule mama, ila shida yake ni nyingine kabisa. Anataka kujua nani alipunguza bei, nani alifuta mauzo saa mbili usiku, na kama pesa zilizo kwenye droo zinalingana na rekodi. Huyu yuko tayari kulipa, tuseme KSh 600 kwa mwezi kwa kila duka. Kampuni nyingi humtoza kwa kila mtumiaji anayeongezwa, nami naona hilo ni kosa. Ukitoza kwa kila mhudumu, wahudumu watatu watatumia namba moja ya siri, na ile rekodi ya nani alifanya nini, ambayo ndiyo unayouza, inapoteza maana. Wahudumu waongezwe bure, na mwenye duka alipie ripoti inayowatenganisha.

Pili ni duka kama lile la Kariobangi, ambalo limevuka mstari wa milioni 5. Linaponunua saruji ya KSh 100,000, linalipa 16,000 zaidi za kodi ya ongezeko la thamani, na kuzidai linahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Ankara moja ya namna hiyo ikipotea, hasara yake inazidi mara nyingi kifurushi cha KSh 2,000 kwa mwezi. Wengine wataona aibu kutoza kitu ambacho sheria inakilazimisha. Mimi sioni aibu hiyo, kwa kuwa KRA ina njia zake za bure za kutoa ankara za eTIMS, na asiyetaka kulipa anaweza kuzitumia. Anayelipa ananunua kutoandika mauzo mara mbili, na kuona ankara za wasambazaji zilizokosekana kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ripoti. Lakini jumla ya mauzo ya mwezi, ambayo yule mama anaihitaji kwa ile asilimia 3, ibaki bure. Ni kujumlisha tu.

Kuhusu malipo ya kila siku, ya KSh 20 au 30, yanafaa kwa kifurushi cha mwenye duka asiyekaa dukani, kwa sababu pesa za biashara ndogo huingia kidogo kidogo. Hatari yake ni siku isiyolipiwa. Ikiwa programu inafungwa siku hiyo, Jumapili nne zinatoweka kwenye hesabu za mwezi, na jumla ya kodi inakosewa. Siku isiyolipiwa iondoe ripoti ya wahudumu pekee. Mauzo yaendelee kuandikwa chini ya jina la kila mmoja wao, na mwenye duka akilipa Jumatatu aone ya Jumapili pia.