Saa 6 ya nani?

Niko fildi hapa Tanga, mwezi wa pili sasa, kwenye ofisi inayokatisha tiketi za mabasi mtandaoni. Kazi yangu ni kujibu wateja kwenye chati. Siku ya kwanza niliambiwa nijibu kwa ufupi, kwa upole na kwa uhakika. Mimi nikashika la ufupi peke yake.

Wiki ya pili mama mmoja aliandika: "Habari. Kesho basi la saa 6 kwenda Dar lina nafasi?" Nilikuwa na wateja watatu kwa mpigo. Nikatupa jicho kwenye skrini, nikaona 06:00, siti nne. Nikajibu, "Ndiyo, zipo," nikamtumia kiungo, akalipa kwa simu.

Kesho yake, saa 5 na nusu mchana: "Mwanangu, niko stendi Kange, basi silioni."

Basi liliondoka saa 12 asubuhi. Mfumo unahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia jua linapochomoza, na kati ya hesabu hizo mbili kuna tofauti ya saa sita. Tiketi yake ilisema 06:00, naye akaisoma saa sita, kama ambavyo angeisoma bibi yangu.

Wenzangu walisema angeuliza vizuri. Sikubaliani nao. Mteja ameuliza kwa Kiswahili. Kugeuza saa za mfumo ni kazi ya anayelipwa kukaa mbele ya skrini (mimi silipwi, lakini ndiyo hivyo). Neno moja tu, "mchana?", lingemaliza yote. Jibu langu lilikuwa fupi kwa sababu nilikata neno lililobeba habari yenyewe.

Nilitaka kumbandikia lile jibu la kunakili, "Pole kwa usumbufu uliojitokeza." Msimamizi akanizuia: mtu amesimama juani na begi, huo usumbufu umejitokeza wenyewe? Tukaangalia kwanza kama siti ipo na kama tunaruhusiwa kumhamisha bila malipo, maana ahadi ya kwenye chati haifutiki. Ndipo nikaandika:

"Shikamoo mama, pole sana. Kosa ni langu: uliuliza la saa 6 mchana, nikakukatia la saa 12 asubuhi. Nimekuhamishia basi la leo saa 8 mchana, siti namba 14. Hulipi tena."

Akajibu, "Marahaba. Ngoja nikatafute chai."

Siku hizi kila saa naiandika na kipande chake cha siku. Za usiku ndizo zinanitoa jasho. Basi la 02:00 Jumamosi, mteja analiita la Ijumaa saa 8 usiku, na ukimwambia "Jumamosi usiku" atakuja siku nzima baadaye. Kwa hiyo naandika: "Saa 8 usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi. Fika stendi saa 7 na nusu." Ni ndefu kidogo, na msimamizi hajalalamika.