Taa Ambayo Haikuwahi Kuwako

Kwa kuwa jirani yangu wa ghorofa ya tatu ameshaisambaza habari hii kwenye kundi la ploti akidai kwamba nilijitangaza mwenyewe mtandaoni nikiwa nusu uchi, nimeona afadhali niisimulie kama ilivyokuwa. Si kweli kwamba nilikuwa nusu uchi. Nilikuwa nimevaa kikoi.

Nilikuwa nauza meza ya kujipambia, ile mnayoiita dresa, niliyoinunua miaka kadhaa iliyopita kandokando ya Barabara ya Ngong. Ina kioo kirefu na safu mbili za droo, tatu kushoto na tatu kulia. Jumatano usiku niliwasha flashi ya simu, nikapiga picha tatu, nikazipakia kwenye programu ya akili unde inayosoma picha, nikaiomba iniandikie tangazo la kuvutia. Neno hilo, kuvutia, ndilo lililonichongea, kwa maana niliomba sifa wala sikuomba ukweli.

Tangazo lilikuja kabla sijakaa vizuri kitini. Lilisema dresa ni ya mahogani halisi, ina kimo cha sentimita 180, ina droo sita za nafasi, na kioo chake kina taa ya LED iliyojengewa pembeni. Nilisoma nikajisikia tajiri. Naapa kwamba kwa dakika nzima niliamini kuwa nimeishi na taa hiyo miaka yote bila kuiona, na badala ya kunyanyuka hatua nne kwenda kuitazama, nikaweka bei ya shilingi 18,000 na kulichapisha.

Jumamosi saa nne asubuhi wakaja mzee mmoja na mkewe kutoka Kitengela, wakiwa wamekodi pikapu. Naomba mkumbuke pikapu hiyo, kwa sababu dereva wake alikuwa akipiga honi kila baada ya dakika tano muda wote wa haya ninayoyaeleza.

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kioo. Alipapasa ukingo wa kulia kutoka juu hadi chini, taratibu, kama anayetafuta mwiba kwenye kidole cha mtoto, kisha akapapasa wa kushoto. Akauliza kwa upole, "Kijana wangu, swichi iko wapi?"

Mtu mwenye akili timamu angesema, "Mama, nisamehe, hakuna taa." Mimi nilisema, "Hebu tuone," nikapiga magoti, nikaanza kuitafuta pamoja naye. Nilipapasa nyuma ya kioo changu mwenyewe. Nilifuata waya ambao haukuwako hadi kwenye soketi isiyokuwa na kitu. Mzee naye, kwa heshima ya mtu anayedhani wenyeji wanajua wanachokifanya, aliinama akatuangazia kwa tochi ya simu yake. Tukawa watu wazima watatu sakafuni, tunatafuta taa kwa taa.

Mzee alipochoka kuinama aliamua kuvuta droo. Ya juu kulia haikufunguka, akaongeza nguvu, na kishikio kikachomoka kikabaki mkononi mwake. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ile si droo bali ni ubao uliopachikwa ili pande mbili zifanane. Programu iliona vishikio sita ikahesabu droo sita, na mtu yeyote aliyetazama picha peke yake angehesabu vivyo hivyo. Mimi niliyewahi kuvunja kucha hapo sikuwa na udhuru.

Mzee alinikabidhi kishikio, akafungua tangazo, akaikuza picha kwa vidole viwili. Alinyamaza. Akamwita mkewe, naye akanyamaza. Kisha akanigeuzia simu, nami nikaiona taa yangu ya LED, duara jeupe linalong'aa kwenye ukingo wa kioo. Ilikuwa flashi. Kando ya flashi palikuwa na sikio, chini ya sikio palikuwa na kitambi, na chini ya kitambi palikuwa na kikoi. (Ninyi mnaonitumia vikatuni vya balbu tangu jana, nimewaona nyote.)

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi: niliomba radhi, nikalipia nusu ya pikapu, wakaondoka.

Jioni hiyo nilikaa na tangazo langu mkononi, nikalipitia neno kwa neno nikijiuliza programu ililitoa wapi kila moja. Taa niliielewa: mwanga ulionekana, na kwa kuwa dresa nyingi zinazouzwa mtandaoni zina taa kwenye kioo, ikajaza kilichozoeleka. Mahogani ilitokana na rangi ya kahawia na michirizi, lakini nilipoitoa droo na kuigeuza, ukingo wake mbichi ulikuwa MDF, nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, na michirizi ilikuwa karatasi iliyobandikwa juu ikaishia ghafla kwenye kona. Picha yangu haikuonyesha ukingo huo, kwa hiyo hakuna awezaye kuujua kutoka kwenye picha. Kimo nacho kilikuwa cha kubuni kabisa, kwa sababu picha isiyo na kitu cha kulinganishia haina kipimo. Nilipima nikapata sentimita 142. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba droo zilizoonekana na mahogani iliyokisiwa ziliandikwa kwa sauti ileile ya uhakika, hata usingeweza kuzitofautisha kwa kusoma. Niliiuliza programu kama ina hakika kuhusu taa, ikaomba msamaha. Nikaiuliza kuhusu kioo, ambacho kipo, ikaomba msamaha pia. Kuiuliza tena, basi, si kuhakiki.

Nikapiga picha upya mchana, bila flashi, nikiwa nimesimama upande ili kioo kiakisi ukuta mtupu. Nikaongeza picha ya ukingo wa droo na picha ya tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa juu ya meza. Safari hii niliiagiza iandike kinachoonekana tu, na pasipoonekana iandike "haijulikani". Taa ikatoweka, mahogani ikatoweka, lakini upana ukaja sentimita 42. Nilikaribia kuukubali, kwani namba yenyewe ilikuwa kwenye picha. Kumbe tepu ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, nayo ilikuwa imesoma inchi. Upana halisi ni sentimita 107 hivi. Mtu angeninunulia dresa ya kuweka kwenye kona ya choo.

Nilivuta kila droo kwa mkono wangu, nikasahihisha sita kuwa tano. Mstari wa mwisho ulisema "vishikio vitano". Hapo nilicheka kwa dharau, maana nilishaizoea sasa, na bila hata kugeuza shingo, nikiwa nimeketi kwenye kochi mgongo wangu ukiitazama dresa, nikasahihisha kuwa sita.

Imeuzwa jana kwa shilingi 7,000. Leo asubuhi mnunuzi amenitumia picha na ujumbe wa mstari mmoja: "Ndugu, tangazo lako linasema vishikio sita, mimi nimehesabu vitano." Nimeingiza mkono kwenye mfuko wa suruali niliyovaa Jumamosi, na kipo.