Dakika ya 19

Kabla Salim hajamaliza kuwatangazia watu wa maskani kwamba nimemposa mhandisi kwa barua pepe, nisikilizeni mie mwenyewe. Sikuposa. Wallahi ingekuwa posa ningeona nafuu.

Mhandisi mwenyewe ni yule mama anayekarabati nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa. Waliokuja Ngomeni siku aliyozungumza wanamjua. Mie ni fundi sanifu wa majengo, cheti bado kinanukia wino, na nilitaka dakika 20 tu za kumuuliza jambo. Hanijui, simjui. Basi nikaandika barua, nikaianzia chekechea. Nikampelekea Salim aikague, naye akanijibu kwa ule ulimi wake:

"Hii barua au tanzia? Anza na wewe ni nani leo. Unasema wapenda kazi zake zote, muongo wewe, waijua nyumba moja. Itaje hiyo hiyo. Wamwomba awe mlezi wako, mtu hakujui akulee? Omba dakika, sema utauliza nini, muachie na mlango wa kukataa. Sivii usiambatishe, atajua wataka kazi. Ana sura ya askari wa kaunti huyo mama, lakini akikubali, kibarua usisahau."

Mie nikamjibu: "Kibarua namwomba dakika ya 19, akiwa ashanizoea."

Jibu hilo liwekeni mfukoni, tutalihitaji.

Msemeni Salim mtakavyo, lakini barua aliinyoosha. Ikabaki hivi:

"Shikamoo Bi Mhandisi. Mimi ni fundi sanifu mchanga hapa Mombasa. Nilikusikia Ngomeni ukieleza kwa nini ulibandua plasta ya saruji kwenye nyumba moja ya zamani ukarudisha chokaa, kwamba saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Kuze, ina plasta hiyo hiyo. Chini inamomonyoka na chumvi imetoka ukutani. Naomba dakika 20, kwa simu au ofisini, nikuulize nianze na lipi: kubandua plasta, au kutafuta maji yanakoingilia? Jumanne au Alhamisi jioni nina nafasi, ila nitafuata yako. Ukiwa huna wakati, nitaelewa. Siombi kazi."

Hiyo ya mwisho niliiongeza mie, nionekane muungwana.

Sasa, mwenye akili hufungua ukurasa mpya, akabandika barua yake, na anwani akaiweka mwisho kabisa. Mie nilibonyeza Reply kwenye mazungumzo yangu na Salim, nikafuta anwani yake, nikaweka ya mama. Kichwa nikabadilisha: "Dakika 20 kuhusu chokaa na saruji". Kizuri, eti? Nilikisoma mara kadhaa kwa kujipenda.

Nikabonyeza Send.

Chini kushoto kikatokea Message sent, na ubavuni mwake Undo. Gmail, usipogusa mipangilio, hukupa sekunde 5 za kujuta. Ukitaka unaongeza mpaka 30, lakini nani huongeza kabla hajaungua? Sekunde ya kwanza nikapuliza kahawa. Ya pili nikaonja. Ya tatu nikatabasamu peke yangu. Ya nne nikaifungua barua niisome tena kwa sauti, kwa madaha, mpaka nikafika "Siombi kazi". Chini yake nikaona vidoti vitatu vya kijivu, vimekaa kwa adabu zao. Nikashangaa, hivi navyo vya nini? Ya tano ikaenda na Undo yake.

Nikavigusa.

Jamani. Vile vidoti vilikuwa vimenifichia mie tu. Kwa aliyetumiwa yamo yote. Na mpangilio wake ni wa mtu mwenye kisasi: lililo jipya hukaa juu. Kwa hiyo chini ya "Siombi kazi", bila hata pazia, kulikuwa na "Kibarua namwomba dakika ya 19, akiwa ashanizoea." Chini ya hapo tanzia. Kisha muongo wewe. Kisha sivii. Kisha sura ya askari wa kaunti. Na chini kabisa, barua yangu ya kwanza, chekechea na kila kitu.

(Anayecheka hapo nyuma nimemwona. Jina nalijua.)

Nikatuma samahani ya mistari miwili, safari hii kwenye ukurasa mpya. Nikamfuata Salim barazani, akacheka mpaka akashika ukuta, ndipo mkasikia habari ya posa. Usiku jibu likaja:

"Marahaba. Maji kwanza. Ukibandua kabla hujajua yanakotoka, hata chokaa itaanguka. Mengine njoo Jumanne saa kumi jioni. Nina dakika 18. Na huyo mhariri wako aje pia, aione sura kwa karibu."

Salim tangu aisome ana homa.