Nafuu ya kodi kwenye riba inashusha WACC kweli, ila sio kwa kiasi kile unachoambiwa

"Kama riba inakatwa kabla ya kodi na gawio halikatwi, si kampuni ijaze mkopo tu ili WACC ishuke?"

Hoja ina nguvu na haifai kuipuuza, so tuianze kwa namba. WACC ni wastani wa gharama ya mtaji wote wa kampuni, kila kundi la mtaji likihesabiwa kwa uzito wake. Chukua kampuni yenye mtaji wa milioni 1,000 kwa bei ya soko (bei ya soko, sio ile ya vitabuni). Hisa za kawaida milioni 600, hisa za upendeleo, zile zenye gawio lisilobadilika linalolipwa kabla ya la hisa za kawaida, milioni 100, mkopo milioni 300. Wenye hisa za kawaida wanataka 18%. Hisa za upendeleo zinalipa gawio la 10 kwa kila hisa na sokoni hisa moja inauzwa 80, kwahiyo gharama yake ni 10 gawanya 80, yaani 12.5%. Mkopo riba 12%, kodi ya kampuni 30%.

```
WACC = (E/V)*Ke + (P/V)*Kp + (D/V)*Kd*(1-T)
     = 0.6*18% + 0.1*12.5% + 0.3*12%*(1-0.30)
     = 10.80% + 1.25% + 2.52% = 14.57%
```

Hapo E ni hisa za kawaida, P za upendeleo, D mkopo, V jumla yake, K ni gharama ya kila kundi na T ni kodi. Angalia kwamba (1-T) imekaa kwenye mkopo peke yake. Gawio la upendeleo linalipwa kutoka kwenye faida ambayo kodi imeshakatwa, halina nafuu yoyote, na bado unakuta watu wanaipiga 12.5% mara 0.7 kwa sababu tu gawio hilo, kama ilivyo riba, halibadiliki.

Hiyo nafuu ni hela halisi. Riba ya mwaka ni milioni 36, faida inayotozwa kodi inapungua kwa milioni 36, kampuni inabaki na milioni 10.8 ambazo zingeenda kwenye kodi. Gawanya kwa 1,000 unapata 1.08%, na kweli bila nafuu WACC ingekuwa 15.65%. Hapa wanaotetea mkopo wako sahihi kabisa.

Shida inaanza pale mtu anaposema sasa tukope milioni 200 zaidi tununue hisa zetu wenyewe, mkopo uwe 500 na hisa za kawaida 400, halafu anaacha 18% ile ile kwenye fomula. Inatoka 7.2 + 1.25 + 4.2, jumla 12.65%. Imeshuka karibu pointi 2 kwa kubadilisha karatasi tu, biashara haijauza hata kitu kimoja cha ziada!

Sasa huyo mwenye hisa hakai kimya. Yeye ndo analipwa wa mwisho, na mbele yake foleni ya riba imekua kutoka milioni 36 hadi 60, faida ikiyumba kidogo yeye ndo anayeumia kwanza, kwahiyo lazima adai zaidi. Wachumi Modigliani na Miller walionyesha mwaka 1958 kwamba pasipo kodi hilo dai la ziada linameza unafuu wote wa mkopo na WACC haisogei, halafu mwaka 1963 wakasahihisha hesabu ya kodi, na kinachobaki mkononi ni ile nafuu ya kodi tu. Kwa kampuni yetu, ukifuata hesabu yao, dai la mwenye hisa linapanda hadi kama 20.4% na WACC inakuwa 13.61%. Imeshuka, ndio, lakini kwa 0.96 na sio 1.92. Nusu ya kile kilichotajwa mwanzo hakikuwepo, kilikuwa ni kusahau kupandisha Ke.

Na hiyo ni kwa kudhani mkopeshaji naye hajashtuka. Mkopo ukiwa nusu ya mtaji tuseme anataka 15%, na wenye hisa wakiona hivyo wanataka 22%. Inakuwa 8.8 + 1.25 + 5.25, yaani 15.3%, juu ya tulipoanzia. Hizi 15% na 22% nimeziweka mimi kama mfano, kila kampuni ina sehemu yake ambapo WACC inageuka na kuanza kupanda, ila inageuka. Dalili za kuangalia ni riba ya mkopo mpya kuanza kuizidi ya zamani kwa kasi, na faida ya uendeshaji kuanza kutosha riba kwa shida.

Kuna kitu kingine ambacho kwangu ndo kikubwa zaidi kwenye mjadala huu wote, nacho ni kwamba ile (1-T) sio haki ya kuzaliwa. Inadhani una faida ya kutosha kutozwa kodi, na kwamba sheria inakuruhusu kukata riba yote. Nchi nyingi sasa zinaweka ukomo, mara nyingi 30% ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, kufuatana na mapendekezo ya 2015 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo. Faida hiyo ikiwa milioni 200, unaruhusiwa kukata riba ya milioni 60. Riba yako ni milioni 75 (500 kwa 15%). Unaokoa kodi ya milioni 18 badala ya 22.5, gharama halisi ya mkopo mwaka huo ni 57 kwa 500, yaani 11.4% na sio 10.5%, na WACC inasogea hadi 15.75%. Sehemu iliyozuiwa huenda ikaruhusiwa miaka ya mbele kutegemea sheria za pale, lakini hela ya baadaye sio sawa na ya leo.

Ukiwa kwenye hasara ndo kabisa, mwaka huo nafuu ni sifuri, T unayotumia sio 30% tena. Na hapo hisa za upendeleo, ambazo kila mtu anazidharau kwa kuwa ni ghali, zinaanza kueleweka. Kwenye kampuni yetu ya mwanzo pengo lilikuwa 12.5% dhidi ya 8.4%, hakuna mtu angezigusa. Ondoa nafuu ya kodi, pengo ni 12.5% dhidi ya 12%, nusu pointi tu, na kwa hiyo nusu pointi unapata mtaji ambao ukikosa kulipa gawio mwaka mmoja hakuna anayekupeleka mahakamani kukufilisi. Gawio lililorukwa kwa kawaida linalimbikizwa na litalipwa kabla ya mwenye hisa za kawaida kuona chochote, so sio bure, ila kampuni inapumua. Kwa biashara changa inayotarajia kula hasara miaka kadhaa, mimi ningeziangalia kabla ya kukimbilia mkopo.

Nikipewa ripoti yenye WACC ya chini, kwanza naangalia Ke imepandishwa kiasi gani baada ya mkopo kuongezeka, halafu T iliyotumika nailinganisha na kodi ambayo kampuni iliokoa kweli. Cha tatu naenda kwenye mtiririko wa fedha wa mradi unaopimwa kwa WACC hiyo: kodi inatakiwa ihesabiwe kwenye faida ya uendeshaji kana kwamba riba haipo, kwa sababu nafuu imeshaingia kwenye (1-T). Ukikuta riba imekatwa na huko pia, nafuu ile ile imehesabiwa mara mbili, na thamani ya mradi iliyotoka inabidi ihesabiwe upya.