Sifuri ya nani? Kuhusu michoro ya kanda na maji yasiyopasuka

Hivi karibuni nilipewa rasimu ya tasnifu niipitie. Ndani yake nilikutana na mchoro ninaouona kila mara: sanduku la juu ni ukanda wa upitishaji, la chini ni ukanda wa valensi, na kati yake inapita mistari miwili ya vitone, mmoja wa haidrojeni kwenye volti 0, mwingine wa oksijeni kwenye 1.23. Unga uliochorwa hapo ulikuwa semikondakta, vanadati ya bismuthi, ile ya njano. Ukingo wa ukanda wa upitishaji ulichorwa kwenye −0.55, juu ya mstari wa sifuri, na chini yake yakaandikwa maneno ya kujiamini kwamba unga huo, ukimulikwa, unaweza kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Maabara ilikataa. Haidrojeni haikutoka hata kiputo kimoja, na mwanafunzi akailaumu taa.

Taa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ile sifuri.

Mwanga ukiipiga semikondakta, elektroni hupanda hadi ukanda wa upitishaji na kuacha shimo katika ukanda wa valensi. Elektroni itatoa haidrojeni iwapo ukingo wa ukanda wake ni hasi zaidi kuliko volti ya H⁺/H₂. Shimo nalo litatoa oksijeni iwapo ukingo wa valensi ni chanya zaidi kuliko volti ya O₂/H₂O. Mchoroni upande hasi huwekwa juu, jambo linalowavuruga wengi mwanzoni. Lakini hizo 0 na 1.23 ni volti za maji yenye pH 0, zikipimwa kutoka kwenye elektrodi ya kawaida ya haidrojeni. Kila pH ikipanda kwa moja, zote mbili zinashuka kuelekea upande hasi kwa volti 0.059. Kwenye pH 7 haidrojeni iko −0.41 na oksijeni +0.82.

Mwanafunzi alikuwa ameipata −0.55 kwa grafu ya Mott-Schottky, inayochorwa kutokana na kapasitansi ya elektrodi kwenye volti mbalimbali, ndani ya maji ya pH 7, akitumia elektrodi rejea ya Ag/AgCl. Elektrodi hiyo iko volti 0.20 upande chanya wa ile ya haidrojeni, kwa hiyo −0.55 yake ni −0.35 yetu. Tukiilinganisha na sifuri, inapita. Tukiilinganisha na −0.41, ambayo ndiyo haidrojeni ya maji yale yale aliyopimia, inakosa kwa volti 0.06. Ni kama mtu aliyepima kina cha maji wakati bamvua, kisha akakilinganisha na alama ya maji kupwa.

Hapo mtu anaweza kusema nimemkomoa kwa 0.06 tu, na ana haki. Grafu ile haitoi ukingo wa ukanda wa upitishaji. Inatoa volti ya ukanda bapa, yaani kiwango cha Fermi, kile ambacho elektroni zimejaa hadi hapo, na katika semikondakta ya aina n, inayopitisha umeme kwa elektroni, ukingo huwa juu yake kidogo, mara nyingi volti 0.1 hivi, kutegemea wingi wa elektroni. Ukiongeza hiyo 0.1, ukingo unafika −0.45 na ghafla unapita tena, kwa 0.04! Hukumu nzima imening'inia kwenye kisio. Ndiyo maana naona ukingo ulio karibu hivi na mstari uchorwe kama utepe mnene, wala usiitwe ushahidi wa chochote.

Mimi mchoro huu nauamini unapokataa. Chukua trioksidi ya tungsteni: kanuni ya umeme-hasi wa atomi inaweka ukingo wake wa upitishaji +0.74 kwenye pH 0, vipimo vingi vinauweka karibu na +0.4. Njia mbili zinapishana kwa volti 0.3 na bado jibu ni lile lile, peke yake haitatoa haidrojeni. Unapokubali, nakuwa mwangalifu. Sulfidi ya kadimiamu inaipita mistari yote miwili vizuri, lakini mashimo yake hayasubiri maji. Yanaila sulfidi yenyewe, na kadimiamu inayeyuka majini.

Nilimwomba mwanafunzi aache taa na afanye majaribio mawili. La kwanza, aweke platini kidogo juu ya unga ili kurahisisha haidrojeni kutoka, na methanoli ndani ya maji, ili mashimo yapate chakula rahisi na zibaki elektroni peke yake kutahiniwa. La pili, aweke nitrati ya fedha ili ayoni za fedha zizoe elektroni, yatahiniwe mashimo. Kwenye la kwanza hakupata kitu. Kwenye la pili oksijeni ilitoka ndani ya saa ya kwanza, na hilo halikunishangaza: mwanya kati ya kanda mbili za unga huo ni takriban eV 2.4, kwa hiyo ukingo wa valensi uko karibu +1.95, zaidi ya volti moja chini ya mstari wa oksijeni.

Sura ya nne sasa inaandikwa upya, ikiuita unga huo kichocheo cha oksijeni kinachohitaji mwenzake wa kutoa haidrojeni.