Hesabu Saa Kabla ya Kumtafutia Mtoto Jua

Jumatano iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kondele, Kisumu. "Mama mdogo, mtoto halali vizuri. Yaani, analala sana. Nikimwekea titi anashika mara mbili tatu kisha anaachia."

Nikamwuliza rangi yake. Akasema ni manjano kidogo, lakini hospitali walimwambia amweke jua la asubuhi, na amekuwa akimweka.

Nimefanya kazi wodi ya watoto wachanga miaka mingi, na maneno hayo, mweke jua, nimeyasikia hadi yamenichoma rohoni. Nilimwambia aache picha za WhatsApp, maana simu hudanganya rangi, amsogeze mtoto mlangoni penye mwanga, avue soksi, abonyeze unyayo kwa kidole kisha aachilie na atazame pale damu ilipoondoka. Kimya. Halafu akasema: "Ni kama ndizi mbivu, mama mdogo." Nikamwambia achukue boda sasa hivi, mtoto kifuani, asingoje chai.

Manjano huanzia usoni, hushuka kifuani, tumboni, mapajani, na mwisho hufika viganjani na nyayoni. Ikifika nyayo, kiasi cha bilirubini, yaani rangi yenyewe ya manjano iliyo kwenye damu, mara nyingi kiko juu sana. Kwa watoto wetu weusi usitegemee ngozi ya shavu. Bonyeza, na utazame pia fizi na weupe wa macho. Hata hivyo jicho si kipimo, langu likiwemo. Damu ndiyo hupimwa.

Na tafadhali, hii si homa ya manjano. Ile huletwa na mbu. Hii hutoka ndani ya mtoto mwenyewe. Mtoto huzaliwa na seli nyekundu za damu nyingi kuliko zetu, na seli hizo huishi muda mfupi zaidi. Zinapovunjika hutoa bilirubini, rangi ya manjano isiyoyeyuka majini. Ini ndilo huigeuza ili itoke na nyongo kupitia choo, na ini la mtoto wa siku mbili bado halijashika kasi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya watoto waliotimiza miezi yao huwa manjano wiki ya kwanza. Rangi huonekana siku ya pili au ya tatu, hupanda hadi siku ya nne au ya tano, kisha hufifia kabla ya wiki mbili kwisha. Mtoto anayenyonya vizuri, anayelia kwa nguvu, anayelowesha nepi, na ambaye manjano yake yamefuata ratiba hiyo, kwa kawaida hahitaji kutibiwa. Anahitaji kunyonya mara nyingi, na mtu wa kumtazama tena.

Hilo nalikubali, na wenzangu wanaosema "itaisha yenyewe" wako sahihi kwa watoto wengi. Hasira yangu ni kwamba wanalisema bila kuuliza saa.

Mtoto huyu alizaliwa Jumapili saa kumi alfajiri. Jumapili hiyo hiyo, saa nne usiku, dada yangu, ambaye ndiye kukhu, yaani nyanya, wa mtoto, aliona macho yana manjano, akamwambia muuguzi wa zamu. Hesabu: saa 18 tangu kuzaliwa. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida hata siku moja. Ini la mtoto kuchelewa peke yake halimfanyi awe manjano upesi hivyo. Lazima kuna kitu kinachovunja damu yake kwa kasi, au maambukizi. Hapo damu huchukuliwa saa ile ile. Lakini Jumatatu saa tatu asubuhi waliruhusiwa kwenda nyumbani, na neno la jua likatupwa mlangoni. Najua wodi hizo. Akina mama wawili kitanda kimoja, na wa tatu yuko leba anangoja nafasi. Najua uchovu wa muuguzi mmoja usiku kucha. Bado, kukhu asiyesoma daktari aliona, akasema, na saa ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa kwenye faili.

Jumatano saa mbili asubuhi, mtoto akiwa na saa 76, bilirubini kwenye damu ilisoma mikromoli 372 kwa lita.

Namba hiyo peke yake haisemi kitu, na wazazi wengi hupewa namba bila saa. Wodini tunaisoma kwenye jedwali la umri. Nitachukua mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu. Mtoto aliyetimiza miezi yake huwekwa kwenye mwanga wa taa ya matibabu akipita 200 akiwa na saa 24, akipita 250 akiwa na saa 48, akipita 300 akiwa na saa 72, na kuanzia saa 96 akipita 350. Kwa hiyo mtoto mwenye 260 akiwa na saa 72, kama ametimiza miezi na ananyonya, huangaliwa tu. Mtoto mwenye 260 hiyo hiyo akiwa na saa 24 yuko hatarini. Na mtoto njiti wa wiki 34 mwenye 260 akiwa na saa 72 anahitaji mwanga, kwa sababu mpaka wake ni 240. Namba ni moja, majibu ni matatu.

Wetu wa 372 alikuwa ameupita mpaka wa mwanga, na mpaka wa kubadilisha damu, 450, haukuwa mbali. Bilirubini ikizidi huvuka na kuingia kwenye ubongo. Kwanza mtoto hulegea na kukataa titi, kama alivyoanza huyu. Baadaye sauti ya kilio hubadilika ikawa nyembamba ya juu, na mwili hukakamaa akijipinda mgongo kwa nyuma. Anayeponea hapo anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo, na hakuna dawa ya kuurudisha ubongo huo. Nimewabeba watoto waliofika wamejipinda hivyo. Wengi wa mama zao walikuwa wamewaotesha jua kwa uaminifu kila asubuhi.

Sasa jua lenyewe, maana nitaulizwa. Ndiyo, jua lina nguvu hiyo. Matibabu ya mwanga yalianzia juani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi aliyeitwa Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto dhaifu nje. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa sehemu moja iliyobaki manjano kabisa: pale pembe ya shuka ilipokuwa imefunika. Mwaka 1958 daktari Cremer na wenzake wakachapisha habari za taa waliyoiunda kutokana na hilo.

Itazame vizuri ile pembe ya shuka. Palipofunikwa hapakutibiwa. Nasi tunamfunga mtoto leso mbili, kofia na soksi, tunamtoa nje dakika kumi, uso peke yake ukiwa wazi, kisha tunasema ametibiwa. Kinachofanya kazi ni mwanga wa buluu unaoigusa ngozi. Huipinda molekuli ya bilirubini ikapata umbo linaloyeyuka majini, ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kulingoja ini liigeuze. Unahitaji ngozi kubwa iwe wazi, na unahitaji saa nyingi. Ukimvua nguo juani asubuhi atapata baridi, na ukimwacha hadi saa tano asubuhi jua la Kisumu litamchoma na kumkausha maji. Nigeria walifanya utafiti, matokeo yakatoka mwaka 2015: watoto waliwekwa chini ya mahema ya plastiki maalumu inayochuja miale mibaya, angalau saa tano kwa siku, wakipimwa joto na damu, na matokeo hayakuwa duni kuliko ya taa. Nawapa heko. Lakini hilo ni hema, ni saa tano, na ni watoto waliokuwa wakipimwa. Uani kwetu hakuna hata kimoja.

Mpwa wangu alimkuta mwanawe uchi chini ya taa ya buluu, nepi ndogo tu, macho yamefunikwa. Akalia. Nikamweleza kwamba kitambaa kinalinda macho na hutolewa wakati wa kunyonya ili watazamane. Kwamba atamtoa kila baada ya saa mbili au tatu anyonye, na kama hawezi kuvuta, akamue ampe kwa kikombe, kwa sababu bilirubini hutoka na choo na choo hutoka na maziwa. Kwamba asimfunike leso kwa huruma, hata kidogo. Dada yangu alijaribu, kwa upendo, na nikaitoa leso.

Majibu ya damu yalieleza ule upesi wa Jumapili. Mama ni kundi O, mtoto ni B kama baba yake. Kinga za mama zilikuwa zimevuka kwenye kondo na kuzivunja seli za mtoto, jambo linaloweza kutokea hata kwa mimba ya kwanza. Tulipima pia upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu, ambao ni wa kawaida huku kwetu kwenye malaria, hasa kwa wavulana. Hakuwa nao. Lakini nilifua upya nguo zote alizoletwa kwenye sanduku, maana zilinuka naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, na kwa mtoto mwenye upungufu huo harufu hiyo tu inaweza kuvunja damu. Nguo za mtoto zisiwekwe na vidonge hivyo kabisa.

Alhamisi asubuhi damu ilisoma 318. Dada yangu alimtazama, akaona manjano yametoweka kabisa, akasema amepona, twende. Nikamwambia: "Dada, ngozi iliyo chini ya taa hupauka kabla ya damu. Rangi hatuiamini tena." Ijumaa ikawa 271, zaidi ya 50 chini ya mpaka wa 350, taa ikazimwa. Jumamosi tulipima tena kwa sababu bilirubini hupenda kurudi kidogo taa ikizimwa: 284. Tukaruhusiwa.

Nimewaachia mambo mawili ya kuangalia. Akiwa bado manjano baada ya siku 14, arudishwe, hata akiwa mnene na mchangamfu. Na kila nepi itazamwe rangi. Choo kikipauka kama udongo mweupe na mkojo ukawa wa rangi ya chai, huenda njia ya nyongo imeziba, na taa haiwezi kufanya lolote. Upasuaji wake hufaa zaidi kabla ya siku 60, kwa hiyo hakuna kungoja kliniki ya mwezi ujao.

Leo asubuhi mpwa wangu amenipigia tena. Choo cha rangi ya haradali, nepi saba tangu jana, na masikio yatapimwa mwezi huu.